Mawazo ya Zena Yaende Wapi? Vidokezo vya Kugeuza Sura ya Riwaya Kuwa Filamu Fupi

Kwenye kitabu mtu anaweza kukaa kigodani kurasa nne nzima akiwaza tu, na msomaji asichoke. Mweke mtu huyohuyo mbele ya kamera kwa dakika nne, utakachopata ni filamu ya mtu aliyekaa kigodani. Hapa ndipo wengi wanaotoa filamu kwenye riwaya wanapokwama, na dawa wanayoikimbilia huwa ni moja: wanaandika sauti ya msimulizi toka mwanzo hadi mwisho. Mwigizaji anatazama mbali, sauti inatusomea kitabu. Heri wangetuachia kitabu chenyewe.

Ili tusiongee hewani, tuchukue sura moja ya mfano niliyoitunga kwa ajili ya vidokezo hivi, na tuipige picha Kinyangiri, wilayani Mkalama, mkoani Singida. Zena ni mke kijana. Mumewe amekwenda machimboni Geita na amekaa kimya muda mrefu. Zena anaishi na mama mkwe wake na mtoto mdogo. Alizeti imevunwa, mnunuzi yuko njiani, na kuna deni la shilingi laki mbili la mbegu na kulimiwa shamba. Sura ina kurasa kumi na mbili. Yanayotendeka humo yanajaa kiganjani: Zena anapika, mnunuzi anakuja, Zena anaamua. Kilichobaki chote kimo kichwani mwake.

1. Pima dakika kwanza

Waandishi wa skripti wana kipimo chao cha zamani: ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri ni kama dakika moja ya filamu. Filamu yako fupi ikiwa ya dakika kumi, una kurasa kumi, na humo ukimya nao unahesabiwa. Kwa hiyo sura ya kurasa kumi na mbili haiingii yote, hata kama kila sentensi unaipenda.

Wenye filamu ndefu nao hawakusalimika. Amil Shivji alipoichukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, riwaya iliyotoka mwaka 1999, alikuwa na watu wengi, mitaa mingi na siasa ya Zanzibar ya miaka ya 1950 kwenye mamia ya kurasa. Filamu yake, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto Septemba 2021, ni ya saa moja na nusu hivi, na inamshika Yasmin na Denge kama uti wa mgongo. Aliyekisoma kitabu ataona kipi hakimo. Lakini filamu hiyo inaeleweka bila kitabu, na hicho ndicho kipimo.

Kwa sura ya Zena swali la kwanza ni hili: mwishoni anaamua nini? Anaamua kwamba mume harudi, na maisha lazima yaendelee bila kumsubiri. Wazo ambalo haliusogezi uamuzi huo mbele wala kuurudisha nyuma litakatwa, hata liwe tamu namna gani.

2. Yaorodheshe mawazo moja moja, kwa maneno makavu

Chukua nakala ya sura, si kitabu chenyewe, na kalamu. Kila mahali mhusika anapowaza, piga mstari na uandike pembeni wazo hilo kwa maneno machache kama unamsimulia dereva wa bodaboda. Usinakili lugha ya mwandishi. Uzuri wa lugha yake ndio utakaokudanganya ubakize kitu kisichohitajika.

Orodha ya Zena inatoka hivi: anatumaini mume atarudi. Anakumbuka siku aliyomsindikiza kituo cha basi. Anapiga hesabu ya deni. Anaona aibu kwa majirani. Anawadanganya watu, na mume mwenyewe, kwamba hali ni nzuri. Anamwogopa mama mkwe. Anatafakari ndoa ni kitu gani. Mwisho, anakata tumaini.

Sasa mbele ya kila wazo andika moja kati ya maneno manne: kitu, tendo, sauti, tupa. Ukikuta umeandika "sauti" zaidi ya mara mbili, rudi mwanzo. Umechoka, hujafikiri.

Tafakuri ya ndoa inatupwa papo hapo. Ni ya mwandishi kuliko ya Zena, na kamera haina pa kuishika. Kumwogopa mama mkwe hakuhitaji hata sini yake: mwigizaji akijifunza kuinuka kila mama mkwe anapoingia, na kumpakulia mlenda yeye kwanza, watazamaji wa huku watasoma kila kitu bila kuambiwa.

3. Tafuta kitu kinachotumika, usitafute alama

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo filamu inapopatikana au kupotea.

Tumaini la Zena litaonekanaje? Wazo la kwanza la kila mtu ni picha ya harusi ukutani, na Zena akiitazama. La pili ni sahani ya ziada mezani. Yote mawili yamechoka. Kuna kasoro nyingine pia: picha ya ukutani haifanyi kazi yoyote nyumbani, ipo tu kututangazia kwamba Zena ana huzuni. Kitu kizuri kwenye filamu ni kile ambacho kingekuwapo hata kama hakuna aliyekuwa akitengeneza filamu.

Tuongeze kitu ambacho hakimo kwenye sura: mume wa Zena ameacha baiskeli, ile ya kiume, ndefu, yenye bomba la juu na keria imara ya kubebea mizigo. Kila Jumapili Zena anaifuta vumbi na kuijaza upepo, ingawa hakuna anayeipanda. Hilo ndilo tumaini lake. Kuijaza upepo kunachukua sekunde ishirini kwenye filamu, kuna sauti yake, kuna jasho, na hakuna neno hata moja.

Kitu cha namna hiyo kinapaswa kuonekana walau mara tatu, na kila mara maana yake iwe imesogea. Mara ya kwanza Zena anaijaza upepo, nasi hatujui ni ya nani. Mara ya pili jirani anakuja kuiazima, Zena anakataa kwa kisingizio kwamba mwenyewe yuko karibu kurudi, sasa tunajua. Mara ya tatu, baada ya mnunuzi kuondoka, Zena anakwenda kwa fundi baiskeli, anaazima spana, anarudi, analegeza nati na kuishusha siti mpaka kimo chake yeye.

Siti ikishushwa, uamuzi umeshafanyika. Kurasa mbili za kitabu zimeingia kwenye mzunguko wa spana. Na kwa kuwa spana imeazimwa mbele ya wanaume walioketi kwa fundi, ile aibu ya majirani nayo imepata mahali pake bila kutafutiwa sini nyingine. Wanaume wale wasiseme kitu cha maana. Mmoja atoe mzaha mdogo, mwingine atazame pembeni, basi.

Msenegali Ousmane Sembène alifanya jambo la aina hii kwenye La Noire de..., filamu yake ya mwaka 1966 aliyoitoa kwenye hadithi fupi yake mwenyewe iliyochapishwa mwaka 1962. Diouana, msichana wa kazi kutoka Dakar, anawapa waajiri wake kinyago. Nyumbani kwa waajiri hao, Dakar, kinachanganyika na vinyago vingine. Wakihamia Antibes, Ufaransa, kinaning'inia peke yake kwenye ukuta mweupe. Baadaye Diouana anakitaka kirudi, na anagombana na bibi mwenye nyumba kukihusu. Kinyago hicho hakimo kwenye hadithi aliyoiandika. Mwandishi mwenyewe, akiwa na haki zote za kubaki na maneno yake, aliona filamu inadai kitu cha kushikwa mkononi. Ukiona vibaya kuongeza kitu ambacho mwenye riwaya hakukiandika, mkumbuke Sembène.

Tahadhari moja ya vitendo. Mwigizaji wako lazima ajue kweli kupanda baiskeli ya kiume akiwa na gunia nyuma. Mjaribu kabla ya kumpa nafasi. Akiyumba kwa woga mbele ya kamera, watazamaji watawaza kuhusu mwigizaji, watamsahau Zena.

4. Hesabu na mipango vigeuze kuwa kazi ya mikono au mabishano

Mwandishi wa riwaya anaweza kusema Zena alipiga hesabu akaona hazitoshi. Kamera haioni hesabu. Lakini inaona mkaa ukiandika ukutani. Zena anapima alizeti kwa debe, kila gunia likijaa anachora mstari. Magunia manne. Mnunuzi anakuja na bei yake: elfu arobaini na tano kwa gunia. Zena anasogeza midomo bila sauti. Laki moja na themanini. Deni ni laki mbili.

Mtazamaji atalijuaje deni? Asiambiwe na Zena kwa kujisemesha peke yake kama mtu mwenye homa. Amwambie mnunuzi, kwa sababu anataka bei ipande. "Elfu hamsini, kaka yangu. Nina deni la laki mbili, ukinipa hiyo natoka salama." Mnunuzi anacheka, anasema deni si lake. Taarifa imetufikia kwa njia ya mtu anayetaka kitu na mwingine anayekikataa. Mazungumzo yakibeba taarifa bila ugomvi wowote ndani yake, yanasikika kama tangazo la redio.

Angalia pia kwamba hesabu ndiyo inayomsukuma Zena kwenye baiskeli. Akiuza hapo mlangoni, hafiki laki mbili. Akipakia gunia moja moja kwenye baiskeli na kulipeleka mwenyewe kwenye mashine ya kukamua, pengine atapata zaidi, na mashudu atabaki nayo ya kuku. Kwa hiyo kushusha siti si ishara tupu. Ana kazi ya kufanya asubuhi ile.

5. Sauti itumike pale tu inapopingana na picha

Siichukii sauti ya msimulizi. Naichukia inapotuambia tunachokiona. Zena analia, sauti inasema moyo wangu ulikuwa mzito. Ya nini?

Kwenye orodha yetu lipo wazo moja ambalo picha peke yake hailiwezi: uongo anaomwambia mumewe. Uongo unahitaji vitu viwili kwa wakati mmoja, kinachosemwa na kilichopo, na filamu ina njia mbili hizohizo, sikio na jicho. Kwa hiyo Zena anamrekodia mumewe ujumbe wa sauti wa WhatsApp: huku hatujambo, mtoto anakula vizuri, mama ametulia, alizeti mwaka huu imekubali, usiwe na wasiwasi. Tunamsikia, lakini tunachokiona ni mnunuzi akirudisha noti zake mfukoni, mtoto akilamba sufuria iliyokwisha, mama mkwe akiwa amempa mkwewe mgongo. Mwisho wa ujumbe, kamera inaonyesha simu: tiki moja tu. Na ukitelezesha juu, jumbe zote za nyuma zina tiki mojamoja.

Faida ya ujumbe huo ni kwamba sauti ina mahali inapotoka. Haidondoki mbinguni. Zena anaongea na mtu fulani, kwa sababu fulani, na anachokificha kinajulikana. Barua ingefanya kazi hiyohiyo kwa riwaya ya miaka ya 1970.

Wapo watakaoniambia Sembène alitumia sauti ya ndani tele kwenye filamu ileile niliyoisifu. Kweli. Lakini sikiliza namna alivyoitumia. Kwa mdomo Diouana hasemi karibu chochote zaidi ya kuitikia anapotumwa. Ndani anauliza, analalamika, anakumbuka, anakataa. Umbali kati ya mdomo uliofungwa na kichwa kinachochemka ndio habari yenyewe ya filamu. Kama mhusika wako anaweza kusema anachowaza bila kuadhibiwa, hana haja ya sauti ya ndani. Mpe mtu wa kuongea naye.

Kwa kipimo, soma maneno ya sauti yako kwa mwendo wa kawaida huku saa inahesabu. Maneno mia na kitu ya Kiswahili yanakula dakika nzima. Kwenye filamu ya dakika kumi, ningekupa dakika moja ya sauti, na ningekuombea uirudishe nusu.

6. Amua anawaza kwa lugha gani

Riwaya imeandikwa kwa Kiswahili, lakini mama mkwe wa Kinyangiri anaweza kuwa anamkemea Zena kwa Kinyiramba. Kitabuni jambo hilo linafunikwa, kwenye filamu litasikika. Uamuzi wangu ungekuwa huu: mama mkwe aongee Kinyiramba na maandishi ya Kiswahili yapite chini, mnunuzi aongee Kiswahili cha biashara, ujumbe kwa mume uwe Kiswahili, kwa sababu ni lugha ya kujikaza. Halafu pale anapoishusha siti, amtume mtoto amshikie nati kwa Kinyiramba. Ni neno moja la nyumbani, na tutajua amerudi kuwa mwenyewe.

Usimwachie mwigizaji asiyeijua lugha ajaribu kuigiza lafudhi. Wenyeji watacheka pale ulipotaka walie.

7. Kumbukumbu usiipige picha

Siku ya kituo cha basi inavutia sana: vumbi, mkono dirishani, mtoto mgongoni. Iache. Kwa filamu ya dakika kumi, kurudi nyuma kunakula siku nzima ya kupiga picha, kunahitaji basi, kunamhitaji mume, na kibaya zaidi kunamwonyesha mume ambaye kazi yake yote ni kutokuwapo. Mtazamaji akishamwona uso, atamsubiri kwenye kila sini. Asipomwona, atamtengeneza mwenyewe kutokana na siti ile ndefu.

8. Msimu na jua navyo ni waandishi

Sura ikisema Zena alitazama shamba la alizeti lililochanua akawaza ujana wake, angalia kalenda. Mvua za Singida huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili hivi. Alizeti huchanua kabla hazijakatika na huvunwa kiangazi kinapoanza. Ukifika na kamera Julai utakuta mabua makavu. Usikodi maua ya plastiki. Badili wazo: mabua makavu na magunia yaliyojaa yanasema jambo lingine, na kwa Zena ni bora zaidi, kwa sababu kazi yake yote sasa imo ndani ya magunia manne.

Jua la huku linapanda haraka. Likichomoza saa kumi na mbili na nusu hivi, una kama saa mbili za mwanga laini, na jioni tena saa moja na nusu hivi kabla halijazama. Saa sita linasimama utosini na macho ya mwigizaji yanageuka mashimo meusi. Hilo ni tatizo kubwa kwako kuliko kwa mwenye filamu ya ngumi, maana wewe umeondoa maneno na kuacha macho yaseme. Sini za uso ziwe asubuhi na jioni. Mchana piga mikono, debe, mkaa, spana, au hamia chini ya mwembe.

Upepo wa kiangazi nao utavuma ndani ya maiki mpaka usisikie kitu. Ivalishe maiki kifuniko cha manyoya, na ule ujumbe wa Zena urekodi baadaye chumbani, madirisha yamefungwa, magodoro mawili yamesimamishwa ukutani. Tumia simu ileile anayoonekana nayo ukiweza; ukwaruzo wa simu ndio utakaotufanya tuamini kwamba ni ujumbe.

9. Hariri bila sauti, kisha muulize asiyekisoma kitabu

Unganisha picha zote kwanza bila ujumbe wa Zena na bila muziki. Tafuta mtu ambaye hajasoma riwaya wala skripti, na asiwe ndugu yako wa kukupamba. Mwonyeshe. Usimuulize kama ameipenda. Muulize: baiskeli ni ya nani? Kwa nini ameshusha siti?

Akijibu sawasawa, picha zimesimama, na sauti utaiongeza kwa ajili ya ule uongo tu. Akisema baiskeli ni ya Zena, basi sini ya jirani anayeiazima haijafanya kazi: pengine Zena anakataa haraka mno, au kisingizio chake hakisikiki. Rekebisha sini hiyo. Kishawishi kitakuwa kuandika sauti inayosema "baiskeli ya mume wangu". Ukifanya hivyo umeziba ufa kwa gazeti.

Akisema ameshusha siti kwa sababu ilikuwa juu mno, usikate tamaa. Mwonyeshe siti ikiwa juu mapema zaidi, Zena akisimama kando yake, kimo cha mtu mrefu kionekane. Mara nyingi kinachokosekana ni shoti moja ya sekunde tatu.

10. Barua ya ruhusa itangulie kamera

Kutoa filamu kwenye kazi ya mtu ni haki ya mwandishi kuiruhusu au kuikataa, hata kama ni sura moja, na hata kama huuzi tiketi. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inailinda haki hiyo, na COSOTA ndiyo ofisi ya kuuliza ukikwama. Mwandikie mwandishi au mchapishaji wake. Kama mwandishi amefariki, tafuta warithi. Kwenye barua taja sura gani, filamu ya dakika ngapi, na utaionyesha wapi. Sema wazi pia kwamba utabadili mambo, na utaje makubwa: tafakuri ya ndoa inaondoka, baiskeli inaingia. Mwandishi akijua mapema hukasirika kidogo. Akikutana nayo kwenye skrini hukasirika sana.

Skripti ikishakamilika kuna kibali cha Bodi ya Filamu, na kabla ya kutoa kamera kwenye begi pita ofisi ya kijiji ujitambulishe. Kwa mwenye baiskeli pia omba ruhusa mapema, na mwambie kabisa kwamba siti yake itashushwa.